Kwa Nini Tundu la Ozoni Lilitokea Antaktika, Kusiko na Friji wala Viwanda

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu ozoni ni hili: kama gesi zilizoiharibu zilitoka kwenye friji, viyoyozi na makopo ya kupulizia ya Ulaya, Amerika na Japani, mbona tundu likatokea juu ya Antaktika, mahali ambapo hakuna mji hata mmoja? Swali ni zuri kuliko wanaouliza wanavyodhani. Miaka ya 1980 liliwasumbua hata mabingwa wa kemia ya anga, na jibu lake ndilo linaloonyesha jinsi ozoni inavyofanya kazi na jinsi inavyoharibika.

Tuanze na kinachozuiwa. Mbali na mwanga tunaouona na joto tunalolihisi, jua hutoa mionzi ya urujuanimno, kwa kifupi UV, ambayo jicho haliioni. Wataalamu huigawa katika makundi matatu. UV-A ndiyo yenye nguvu ndogo kuliko nyingine, na sehemu yake kubwa hutufikia. UV-C ni kali mno, ndiyo hiyo inayotumika katika taa za kuua vijidudu majini na hospitalini, lakini ile ya jua haifiki ardhini kwa sababu oksijeni na ozoni huimaliza huko juu. UV-B iko katikati, na hapo ndipo penye shida. Oksijeni ya kawaida haiizuii. Kinachoizuia ni ozoni, tena si yote.

Kiasi kidogo cha UV-B kinachopita ndicho huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D. Kikizidi, hugusa DNA yenyewe: vipande viwili vilivyo jirani kwenye uzi wa vinasaba hugandishwa pamoja, na seli inapojinakili hukosea kusoma mahali hapo. Mwili hurekebisha makosa mengi ya namna hiyo kila siku. Yale yanayobaki bila kurekebishwa, yakirundikana kwa miaka, yanaweza kuishia kuwa saratani ya ngozi. Kwenye macho, UV-B huchangia mtoto wa jicho. Viumbe wadogo wa baharini wanaoelea karibu na uso wa maji, ambao ni chakula cha samaki, huathirika pia, kwani hawana ngozi nene wala pa kujificha.

Ozoni inayotukinga na hayo ni kidogo ajabu. Iko zaidi kati ya kilomita 15 na 35 juu ya ardhi, katika tabaka la anga liitwalo stratosfia, imetawanyika kiasi kwamba hata pale ilipo nyingi kabisa ni molekuli chache tu katika kila milioni ya hewa. Kama ingekusanywa yote na kushushwa hadi usawa wa bahari, ingefanya utando wa unene wa milimita 3 hivi. Kipimo kinachotumika duniani, kiitwacho Dobson kwa jina la mwanasayansi Mwingereza Gordon Dobson, kinatokana na hilo: milimita 3 ni vipimo 300 vya Dobson.

Molekuli ya ozoni ni atomi tatu za oksijeni. Mwale wa UV-B ukiigonga, huvunjika na kuwa oksijeni ya kawaida yenye atomi mbili pamoja na atomi moja iliyo huru. Nguvu ya mwale imeishia hapo na kugeuka joto. Atomi ile huru haikai. Mara hushikana na molekuli nyingine ya oksijeni, na ozoni inazaliwa upya. Kwa hiyo kazi ya kukinga haiimalizi ozoni. Kinachoweza kuipunguza ni kitu kinachoingilia kati na kuiharibu kwa kasi kuliko inavyoundwa.

Kitu hicho kilikuwa klorini. Gesi za CFC, zenye klorini, florini na kaboni, zilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuchukua nafasi ya amonia na gesi nyingine za friji zilizokuwa zikiua watu zinapovuja. Sifa yake kubwa ilikuwa upole: haziungui, hazina sumu, haziyeyuki majini, haziungani na chochote. Sifa hiyohiyo ndiyo ikawa balaa. Mvua haiwezi kuziosha, na hakuna kitu hewani kinachozila. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha Kalifornia walijiuliza gesi hizi huishia wapi, wakaona kwamba jibu ni moja tu: zitapanda hadi stratosfia, zipasuliwe na mionzi mikali na kuachia klorini. Atomi ya klorini hupokonya ozoni atomi moja ya oksijeni, kisha huiachia penginepo na kubaki huru kama ilivyokuwa, tayari kwa ozoni nyingine. Moja inaweza kuharibu maelfu mengi kabla haijanaswa.

Wapinzani walisema gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hivyo haziwezi kupanda. Hoja hiyo ingesimama kama hewa ingetulia kama maji ndani ya mtungi. Upepo huchanganya kila kitu, na katika mwaka mmoja au miwili gesi iliyotolewa Ulaya imeshaenea dunia nzima. Njia kuu ya hewa kuingia stratosfia iko kwetu, ukanda wa ikweta, ambako hewa ya joto hupanda na kisha kusambaa polepole kuelekea ncha zote mbili. Kwa maneno mengine, CFC za dunia nzima zilipita juu ya vichwa vyetu zikiwa bado nzima.

Hata hivyo, Molina na Rowland walitarajia upungufu mdogo, wa polepole, tena juu sana, karibu kilomita 40. Hakuna aliyetarajia kilichoonekana Halley.

Halley ni kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika. Tangu miaka ya 1950 walipima ozoni kwa mashine aliyoibuni Dobson. Mashine hiyo hulinganisha mwanga wa aina mbili za urujuanimno, mmoja unaomezwa sana na ozoni na mwingine unaomezwa kidogo. Tofauti yake inaonyesha ozoni ni kiasi gani. Kwa miaka mingi wastani wa Oktoba ulikuwa karibu vipimo 300. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ukaanza kuteremka, na kufikia Oktoba 1984 ulikuwa chini ya 200. Joseph Farman, aliyeongoza kazi hiyo, kwanza aliishuku mashine. Ikaletwa nyingine, majibu yakawa yaleyale. Kituo chao kingine, kilichokuwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, nacho kilionyesha upungufu. Mwezi Mei 1985 Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walichapisha matokeo yao. Setilaiti ya Kimarekani ilikuwa ikipita juu ya eneo hilo tangu 1978, lakini programu yake ilikuwa imeelekezwa kuweka alama ya shaka kwenye kipimo chochote kilicho chini ya 180. Namba zilikuwepo, zilikuwa zikisubiri mtu aziamini.

Sasa kwa nini Antaktika? Kwa kawaida klorini nyingi ya stratosfia haina madhara, kwa sababu imefungwa ndani ya kemikali mbili tulivu, asidi ya hidrokloriki na nitrati ya klorini. Katika hali ya gesi hizi mbili karibu hazigusani. Lakini majira ya baridi ya Antaktika ni usiku wa miezi kadhaa. Upepo mkali huzunguka bara zima na kuifungia hewa ndani yake, isichanganyike na hewa ya joto ya kaskazini. Nyuzijoto hushuka chini ya hasi 78, na hapo hata stratosfia, iliyo kavu sana, hutengeneza mawingu ya chembe za barafu na asidi. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake walieleza kwamba juu ya chembe hizo zile kemikali mbili hukutana, na klorini inatoka kifungoni.

Gizani klorini hiyo hukaa tu. Jua linaporudi mwishoni mwa Agosti huipasua kuwa atomi huru, na uharibifu huanza kwa kasi: kufikia mwanzoni mwa Oktoba, kati ya kilomita 14 na 20 ozoni inaweza kuwa imekwisha karibu yote. Novemba au Desemba hewa hupata joto, ule mzunguko wa upepo huvunjika, na ozoni kutoka nje huingia. Kwa hiyo "tundu" ni la msimu, tena si tundu kwa maana halisi, bali ni wembamba uliopita kiasi. Mwaka 1987 ndege ya utafiti iliyoruka kutoka Punta Arenas, Chile, ilipima mambo mawili kwa pamoja: ilipoingia ndani ya eneo hilo, kemikali ya klorini ilipanda ghafla na ozoni ikaanguka papo hapo. Baada ya hapo ubishi wa kisayansi ulikwisha. Ncha ya Kaskazini haina baridi ya kudumu kiasi hicho, ingawa katika majira makali, kama mwaka 2011 na 2020, nayo ilipoteza ozoni nyingi.

Afrika Mashariki hatukupata tundu. Ozoni yetu ni nyembamba kiasili, karibu vipimo 260 hivi, kwa kuwa upepo wa juu huipeleka kuelekea ncha za dunia. Na jua letu hupita karibu wima. Ndiyo maana UV hapa ni kali mwaka mzima, na zaidi kwenye nyanda za juu. Saratani za ngozi zinazowapata ndugu zetu wenye ualbino zinatokana na jua hilo la kawaida kwenye ngozi isiyo na melanini. Kulisingizia tundu la Antaktika ni kuwakosesha watu kofia na losheni wanazozihitaji leo. Vilevile joto la dunia halitokani na jua kupenya kwenye tundu. Hilo ni jambo lingine, la kaboni dayoksidi na wenzake.

Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuacha gesi zinazoharibu ozoni, ilisainiwa Septemba 1987, na nchi zinazoendelea zilipaswa kuacha CFC ifikapo 2010. Klorini huko juu inapungua, ila taratibu, kwani CFC-12 hudumu hewani takriban miaka 100. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 inakadiria Antaktika kurudi katika hali ya 1980 karibu mwaka 2066.

Baadhi ya gesi hizi zilizobaki zimo ndani ya vifaa vya zamani. Tazama kibandiko kwenye kompresa au nyuma ya friji. R12 ni CFC yenyewe. R22, iliyojaa kwenye viyoyozi vya mitumba, ina klorini pia ingawa huharibu ozoni kwa kiasi kidogo zaidi, na nchi zetu zinatakiwa kuimaliza kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. R134a haina klorini, lakini hupasha dunia joto sana, na gesi za aina hiyo ndizo zilizopelekea makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 ya kuzipunguza. R600a haina tatizo kwa ozoni, ila inawaka moto, kwa hiyo fundi asiikaribie na mwali wa kuchomelea kabla mfumo haujaondolewa gesi yote. Ukiona R12 au R22, mwambie fundi aivute gesi kwa mashine na kuiweka kwenye mtungi. Akikata bomba na kuiacha itoke kwa sauti ya "fsss", itachukua miaka kadhaa kufika kule juu, lakini itafika.