Mkataba wa mtoto ukibatilishwa, kila alichopokea hurudi?

"Si mkataba ukifutwa kila mtu anarudisha alichopokea chote?"

Kwa mtu mzima, ndiyo. Kwa mtoto, sheria ya Ufaransa inasema vingine: kifungu cha 1352-4 cha Kanuni ya Madai kinampunguzia deni hadi kiasi cha faida aliyoipata kwenye mkataba huo.

Tuseme kijana wa miaka 16 ameuza fidla yake kwa yuro 3,000, akalipia masomo 1,000 na kupoteza 2,000 kwenye kamari. Mauzo yakibatilishwa, mnunuzi anarudisha fidla nzima, naye anadai 1,000 tu, maana hizo zilimfaa kijana. Wengi huona ni dhuluma. Mimi naona ndiyo kinga yenyewe. Mtu mzima aliye chini ya ulinzi wa mahakama hupata kinga hiyohiyo.