Hati ya makubaliano kati ya idara mbili: anzia pale kazi inapokabidhiwa

Idara mbili za taasisi moja zinapowekeana hati ya makubaliano, hazifungi mkataba. Mbele ya sheria, kwa kawaida zote mbili ni mtu mmoja, yaani taasisi yenyewe, na mtu hawezi kujishtaki. Idara haiwezi kuipeleka idara mwenzake mahakamani wala kuidai fidia. Jambo hili husahaulika, na ndiyo maana rasimu nyingi zinazofika kwenye vitengo vya sheria zimenakiliwa kutoka mikataba ya wazabuni. Zina vifungu vya fidia, vya mahakama yenye mamlaka, hata vya kuchagua msuluhishi kutoka nje, mambo ambayo hayatatumika hata siku moja. Kinachohitajika hasa hakimo: nani anafanya nini, mpaka lini, na wakivutana nani anaamua.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Idara ya Utawala ina masijala yenye majalada ya watumishi 2,400, yote ya karatasi. Idara ya TEHAMA ina skana, seva na watu wa kuziendesha. Wamekubaliana majalada yaskaniwe na kuingizwa kwenye mfumo. Rasimu yao ya kwanza inasema hivi:

"Pande zote mbili zitashirikiana kuhakikisha kuwa majalada yanaskaniwa kwa wakati na kwa ubora unaotakiwa."

Kifungu hiki hakuna atakayekataa kukisaini, na hapo ndipo penye kasoro. Siku jalada litakapokutwa kwenye mfumo likiwa na kurasa pungufu, Utawala watasema kuskani ni kazi ya TEHAMA. TEHAMA nao watasema jalada liliwafikia likiwa pungufu, tena lina pini na karatasi zilizogeuka juu chini. Mkifungua hati kutafuta jibu, mtakuta inawaunga mkono wote wawili.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kuandika orodha mbili, "Majukumu ya Utawala" na "Majukumu ya TEHAMA". Kila idara huorodhesha yale inayoyajua na kuyapenda, na yaliyo katikati hubaki hayana mwenyewe. Njia inayofaa zaidi ni kulifuata jalada moja tangu linapotoka kabatini hadi linaporudi, na kusimama kila mahali linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hapo muulize mambo matatu tu: anayetoa anatoa likiwa katika hali gani, anayepokea anakagua nini, na ana muda gani wa kulikataa.

Kwenye mfano wetu, makabidhiano ya kwanza ni pale karani wa masijala anapompa mwendesha skana rundo la majalada. Baada ya kuulizana, kifungu kinaandikwa upya:

"Masijala itakabidhi majalada yasiyozidi 40 kila Jumatatu kabla ya saa 4 asubuhi. Kila jalada litakuwa limeondolewa pini, folio zimepangwa kwa namba, na idadi ya nyuso zenye maandishi imeandikwa kwenye fomu ya makabidhiano. TEHAMA itahesabu na kusaini ndani ya siku 1 ya kazi. Jalada lisilorudishwa ndani ya muda huo litahesabika kuwa limepokelewa likiwa kamili."

Angalieni maneno "nyuso zenye maandishi". Karani akihesabu karatasi, jalada lenye karatasi 60 litaandikwa 60. Lakini mfumo unahesabu picha, na karatasi yenye maandishi mbele na nyuma hutoa picha mbili. Fomu itasema 60, mfumo utasema 83, na idara mbili zitaanza kutuhumiana wakati hakuna karatasi hata moja iliyopotea. Ugomvi wa namna hii hauna tiba kwenye kifungu cha kutatua migogoro. Tiba yake ni kukubaliana mapema kipi kinahesabiwa.

Makabidhiano ya pili ni jalada linaporudi. TEHAMA wana siku 5 za kazi kuskani rundo na kulirudisha. Masijala wana siku 3 za kulinganisha idadi na kuangalia kama picha zinasomeka. Hapa iongezwe sentensi moja ambayo wengi huiacha: upande mmoja ukichelewa kukabidhi, muda wa upande wa pili unasogea kwa idadi ileile ya siku. Bila hiyo, masijala wanaweza kuleta rundo Alhamisi na bado wakawadai TEHAMA kana kwamba lilifika Jumatatu.

Baada ya kulifuata jalada, yatabaki maswali machache ambayo hayapo kwenye njia yake. Nani anaamua afisa yupi aruhusiwe kuona jalada la nani kwenye mfumo? TEHAMA ndio wanaofungua akaunti, lakini kufungua akaunti ni kazi moja na kutoa ruhusa ni nyingine, na ruhusa ni ya mwenye kumbukumbu, yaani Utawala. Skana ikiharibika, matengenezo yanatoka kasma ya idara gani? Swali hili la fedha watu huliogopa wakati wa kuandika kwa sababu linaweza kukwamisha kikao, lakini ni afadhali likwamishe kikao kuliko kukwamisha kazi. Na kama kuna jukumu ambalo kweli ni la wote, mathalani kikao cha kila mwezi, atajwe mmoja wa kukiitisha.

Sasa tuje kwenye kutofautiana. Vifungu vingi husema "tofauti zitatatuliwa kwa njia ya mazungumzo". Sawa, lakini mazungumzo yakishindikana? Idara haziendi mahakamani, kwa hiyo ngazi ya kupanda lazima ifike kwa mtu aliye juu ya zote mbili. Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kumtaja kiongozi ambaye ni mkubwa wa idara moja tu. Idara nyingine haitamwona kama mwamuzi, na itakuwa na haki. Wa pili ni kuunda kamati yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Kamati hiyo itagawanyika katikati kila mara, kwa sababu wajumbe wamekuja na msimamo wa wakubwa wao.

Ngazi tatu zinatosha. Waratibu wa kazi, mmoja kila upande, wana siku 3 za kazi. Wakishindwa, wakuu wa idara wana siku 5. Wakishindwa nao, jambo linakwenda kwa mtendaji mkuu wa taasisi, au naibu ambaye idara zote mbili zinaripoti kwake, naye anatoa uamuzi wa maandishi ndani ya siku 10, na uamuzi huo ni wa mwisho. Hesabu ya siku hizo inaanza na notisi ya maandishi, hata kama ni barua pepe, inayosema mambo matatu: kifungu gani, kimetokea nini, na mlalamikaji anataka nini kifanyike. Zaidi ya yote, hati iseme kwamba siku za ngazi moja zikiisha bila jibu, jambo linapanda ngazi inayofuata bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Sentensi hiyo ndiyo inayozuia mbinu kongwe ya maofisini ya kukaa kimya mpaka mwenzako achoke.

Tuijaribu. Masijala wanakuta kurasa 12 za jalada moja hazisomeki. Wanataka ziskaniwe upya. TEHAMA wanasema wino wa karatasi zenyewe umefifia na skana haina kosa. Mratibu wa Utawala anatuma notisi Jumanne. Kwa kuwa siku ya kutuma haihesabiki, waratibu wana Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Wanachukua karatasi zenyewe, wanaziweka mezani pembeni ya picha, na wanaona kuwa 9 zimefifia kweli na 3 zilipita skana zikiwa zimejikunja. TEHAMA wanarudia zile 3. Zile 9 masijala wanaziandikia maelezo kwenye mfumo kwamba nakala halisi haisomeki vizuri. Jambo limekwishia ngazi ya kwanza, na limekwisha kwa sababu karatasi bado zilikuwepo. Kwa hiyo hati iwe na kifungu kwamba hakuna nakala halisi itakayoteketezwa au kuhamishwa wakati kuna notisi ambayo haijamalizika, na kwamba majalada mengine yanaendelea kuskaniwa kama kawaida. Kutofautiana juu ya jalada moja kusiwe sababu ya kusimamisha mengine 2,399.

Yapo mambo yasiyopita kwenye ngazi hizi. Taarifa za mtumishi zikivuja, au jalada likiibwa, waratibu hawana cha kujadiliana. Hilo linashughulikiwa papo hapo kwa kanuni za taasisi, na hati itamke kwamba kanuni hizo ziko juu yake.

Muda wa hati usichaguliwe kwa mazoea. Utakuta watu wameandika "miaka mitatu" kwa sababu hati iliyopita ilikuwa ya miaka mitatu. Kazi yetu inahesabika: majalada 2,400 kwa 40 kila wiki ni wiki 60, yaani takriban miezi 14. Ukiongeza sikukuu, likizo na siku za skana kuharibika, miezi 18 inatosha. Tarehe ya kuanza iandikwe wazi. Mkisema hati inaanza siku ya kusainiwa, na mkuu mmoja akasaini leo na mwingine baada ya miezi miwili, mtakuwa na tarehe mbili. Mimi pia sipendi kifungu cha hati kujirefusha yenyewe, maana hufanya makubaliano yaliyopitwa na wakati yaendelee kuishi bila mtu kuyasoma. Afadhali wakuu wakutane miezi 3 kabla ya mwisho wakaamue kurefusha, kubadilisha au kuacha.

Upande unaotaka kujitoa kabla ya muda utoe notisi ya siku 30. Rundo lililokwisha kupokelewa limaliziwe, majalada yote yarudi masijala kwa fomu ileile, na akaunti za waliokuwa wakiskani zifungwe siku ya mwisho. Wajibu wa kutunza siri unaendelea hata hati ikiisha. Vilevile nakala rudufu za picha zitahitaji mtunzaji baada ya mradi. Atajwe humuhumu, maana siku hiyo ikifika hakutakuwa na hati nyingine ya kurejea.

Kuhusu saini, wanaosaini ni wenye vyeo: Mkuu wa Idara ya Utawala na Mkuu wa Idara ya TEHAMA. Akihamishwa mmoja wao, anayekuja anaikuta hati ikiendelea. Majina na namba za simu za waratibu, fomu ya makabidhiano, na idadi ya majalada kwa wiki viwekwe kwenye kiambatisho ambacho waratibu wanaweza kukibadilisha kwa kusaini wote wawili. Ile 40 huenda ikawa 55 skana mpya ikinunuliwa, na hakuna sababu ya kuwarudisha wakuu mezani kwa ajili ya namba hiyo. Vifungu vya hati yenyewe vibadilishwe na wakuu peke yao, kwa maandishi, na kila badiliko liwe na tarehe yake.