Bwaki si sumu, na mtoto aliyevimba hajanenepa

Katika wodi ya watoto wenye utapiamlo hapa Bukavu, vitanda viwili vya karibu na dirisha vilinifundisha zaidi ya vitabu. Kimoja alilala mvulana wa miaka 2 na miezi 4, mashavu yamejaa, miguu minene, uso wa mviringo. Cha pili alilala msichana wa miezi 10, mbavu zote za kuhesabika, ngozi ya matako ikining'inia kama suruali ya mtu mkubwa. Kila jamaa aliyeingia alimsikitikia yule msichana, kisha akamgeukia mvulana na kusema, “Huyu wenu afadhali, ana mwili.”

Mvulana ndiye aliyekuwa karibu na kifo.

Dhana: mtoto mwenye utapiamlo ni yule aliyekonda

Msichana alikuwa na marasmasi. Mvulana alikuwa na kwashiorkor, ambayo sisi watu wa Kivu Kusini tunaiita bwaki. Yote mawili ni utapiamlo mkali, lakini mwili unaharibika kwa njia mbili tofauti.

Kwenye marasmasi mwili unajila wenyewe. Chakula kikipungua kwa wiki nyingi, unachoma mafuta yake, kisha misuli, ili moyo na ubongo viendelee kufanya kazi. Ndiyo maana uso wa mtoto unakuwa kama wa mzee. Hata hivyo macho yake yanabaki makali. Msichana wetu alikuwa akikifuata kikombe kwa macho kuanzia mlangoni, na akimaliza analia apewe tena. Wengi wa hawa ni watoto wachanga, chini ya mwaka 1 au kidogo zaidi.

Kwenye kwashiorkor maji yanatoka kwenye mishipa ya damu na kukaa katikati ya nyama na ngozi. Uvimbe huanza kwenye nyayo, hupanda miguuni, hufika mikononi, mwisho usoni. Nywele zinakuwa nyepesi na nyekundunyekundu, ukizivuta zinatoka na mtoto hata hageuki. Ngozi inapata mabaka meusi kisha inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, ikiacha vidonda vyekundu. Na mtoto anabadilika tabia: hachezi, hatabasamu, anasukuma kijiko, anataka kuachwa peke yake. Mama wa mvulana alituambia kwamba kwa wiki 2 mtoto “alikuwa mpole sana.” Upole ule ulikuwa ugonjwa.

Namna ya kutambua ni rahisi, na mzazi anaweza kuifanya nyumbani. Weka dole gumba juu ya mguu, upande wa juu wa nyayo, mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Bonyeza taratibu kwa sekunde 3, kisha achia. Ikiwa kishimo kinabaki kwenye miguu yote miwili, mtoto apelekwe sentre ya afya siku hiyohiyo. Mguu mmoja peke yake ni jambo lingine, labda jipu au kuumia. Tumbo kubwa peke yake pia halitoshi kusema ni bwaki.

Hapa utepe wa kupimia mkono unaweza kutudanganya. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Msichana alikuwa na 106, utepe uko kwenye nyekundu, hakuna wa kubisha. Mvulana alikuwa na 128, yaani kijani, kwa sababu maji yaliujaza mkono. Aliyempima mtaani alisoma kijani akamrudisha nyumbani, na zikapotea siku 9. Uvimbe wa miguu yote miwili unatosha wenyewe kuwa utapiamlo mkali, utepe useme nini, mizani iseme nini. Tena mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: mabega yamekwisha, miguu imevimba. Huyo ni wa hatari kuliko wote.

Dhana: bwaki ni sumu, au ni kosa la mama

Kabla ya kufika kwetu mvulana alikuwa ameshapelekwa kwa mtu wa kutoa karuho, ile sumu ambayo watu husema mgonjwa amelishwa. Katika mji huu, mtu akivimba, jina la kwanza linalotajwa ni sumu, la pili ni la jirani. Alinyweshwa dawa za kutapisha na kuharisha kwa siku 3. Mtoto wa kwashiorkor ana sukari kidogo sana kwenye damu na mwili wake unapoa upesi. Kumtapisha ni kumwondolea kile kidogo kinachomshikilia.

Bibi yake alikuwa na maelezo mengine: mama alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, maziwa yakaharibika. Nilimjibu, “Bibi, umeona jambo la kweli, lakini sababu si hiyo.” Maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu. Kilichotokea ni kwamba mtoto aliachishwa ghafla akiwa na miezi 19, akahamishiwa kwenye sahani ya wakubwa: fufu ya muhogo asubuhi na jioni, na mchuzi wa sombe, yaani majani ya muhogo. Mwezi uliofuata akapata surua. Muhogo unashibisha, lakini protini yake ni ndogo mno: gramu 100 za unga zina kama gramu 1 au 2, wakati maharagwe makavu ya uzito huo yana zaidi ya 20. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliingia sufuriani mara mojamoja tu, na hapo wakubwa ndio waliotangulia kuchota.

Alichokiona bibi, wengine walikiona mbali na hapa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana ilipokuwa bado Gold Coast, alieleza ugonjwa huu mwaka 1933 kwa watoto waliokuwa wakilishwa mahindi. Mwaka 1935 akaupa jina walilotumia akina mama wa kabila la Ga la hukohuko Ghana, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani mwenzake anapozaliwa.

Dhana: kwashiorkor ni kukosa protini, marasmasi ni kukosa chakula, basi

Hivi ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa, na bado imeandikwa kwenye mabango ya sentre. Nusu yake ni kweli. Marasmasi ni njaa ya muda mrefu: maziwa ya mama hayatoshi, uji ni maji matupu, au kuharisha kunamaliza kila kinachoingia. Msichana wetu alifiwa na mama, akalelewa na shangazi kwa uji mwepesi wa muhogo na maziwa ya unga yaliyotiwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Hapo hesabu inaeleweka.

Kwashiorkor haieleweki kwa hesabu hiyo. Mwaka 1968 daktari Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto waliopata kwashiorkor na waliopata marasmasi walikuwa wakila chakula cha namna moja. Huko Malawi watafiti walifuata mapacha, wakachapisha matokeo mwaka 2013: nyumba moja, sufuria moja, na bado kwashiorkor ilimshika mmoja ikamwacha mwenzake, hata pale walipokuwa mapacha wa kufanana. Wanashuku vijidudu vya matumbo vina sehemu yao. Magonjwa kama surua na kuharisha yana sehemu yao pia, kwa kuwa mara nyingi uvimbe hutokea mara baada yake. Chakula duni ndicho kinachoandaa njia, lakini hakielezi kila kitu. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona mama akiulizwa mbele ya watu kwa nini mmoja kavimba na ndugu yake mzima, kana kwamba alimbagua. Hakumbagua.

Dhana: akikosa protini, mpe nyama na mayai leo

Kosa hili linaua, na linafanywa na watu wenye upendo. Baba wa mvulana alikuja usiku wa kwanza na mayai 6 ya kuchemsha. Nilimwomba ayale yeye na mkewe.

Ini la mtoto wa kwashiorkor limejaa mafuta na limechoka, haliwezi kushughulikia protini nyingi. Moyo umedhoofika, figo hazitoi chumvi vizuri. Kwa hiyo siku za kwanza tunatoa maziwa yanayoitwa F-75, yaliyo mepesi makusudi: mililita 100 zina kalori 75 na protini isiyofika gramu 1. Mvulana aliingia na kilo 9.4 na uvimbe hadi usoni, yaani daraja la tatu. Kwa daraja hilo ni mililita 100 kwa kila kilo kwa siku. Ikawa 940, tukazigawa mara 8, kama 120 kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Mlo wa saa 9 usiku haurukwi, kwa sababu sukari hushuka wakati huo na mtoto hufa kimyakimya alfajiri.

Piga hesabu: protini yote ya siku nzima ilikuwa gramu 8 na nusu, kiasi cha yai moja na nusu. Na kwa protini hiyo ndogo uvimbe ukaanza kuondoka siku ya 4. Daktari Golden aliliona hili Jamaika na kulichapisha: uvimbe hutoka kabla protini ya kwenye damu haijapanda. Hakuna hoja ninayoijua inayoitikisa zaidi ile nadharia ya bango.

Pamoja na maziwa hupewa antibiotiki hata kama hana homa, kwa maana mwili huu hauna nguvu ya kutengeneza homa. Madini ya chuma husubiri. Dawa ya kukojoza hatumpi kamwe, ingawa familia huiomba ili “maji yatoke”: maji yamevuja nje ya mishipa, ndani ya mishipa ni machache, ukiyatoa hayo mtoto anaanguka.

Siku ya 5 mama alikuja analia. Mizani ilisema kilo 8.6. “Mnamuua, anapungua.” Nikambonyeza mtoto mguu mbele yake, kishimo kikawa chepesi kuliko jana. Siku ya 9 alikuwa na kilo 7.9, mifupa ya mabega ikaonekana, na huo ndio ulikuwa uzito wake wa kweli tangu alipoingia. Siku hiyo alinyakua kijiko mkononi mwa dada yake. Msichana wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na maji ya kupoteza, hakupungua. Yeye alikaa palepale siku chache, kisha akaanza kupanda.

Mvulana alihamia kwenye plampi, ile siagi ya karanga yenye maziwa, kalori 500 kwa pakiti, pakiti 3 kwa siku, akaendelea nayo nyumbani huku akirudi kupimwa kila wiki. Hafutwi kwenye orodha mpaka uvimbe uwe umeondoka kwa wiki 2 mfululizo. Bibi ndiye aliyejipa kazi ya kumbonyeza nyayo kila jioni, vidole gumba viwili, akihesabu hadi tatu kwa sauti.