Ukishatukana, presha inashuka kweli?

"Bodaboda akinichomekea nikamporomoshea matusi, nasikia nafuu papo hapo. Si bora kuyatoa kuliko kubaki nayo moyoni?"

Nafuu hiyo ipo kweli, ila ni ya muda mfupi, na ndiyo inayokufundisha kutukana tena kesho.

Pikipiki ikikukatiza ghafla, mwili unaona hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, taya na mabega yanakaza. Mwili unataka ufanye kitu, na ukiwa umefungwa mkanda, kitu cha karibu ni mdomo. Tusi likishatoka, unajiona umeshajibu, unalegea kidogo. Lakini adrenalini haitoki kwa mdomo. Jipime mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika moja baadaye: moyo bado uko juu.

Wengi wetu tunafikiri hasira ni mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Inafanana zaidi na jiko la mkaa, na kila tusi ni kulipepea. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, aliwaudhi wanafunzi, kisha baadhi wakapiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakakaa tu kimya. Waliopiga huku wakimfikiria ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote, na waliokaa kimya ndio waliokuwa wapole kuliko wote.

"Mbona bosi wangu simtukani, ila mtu nisiyemjua kwenye foleni namvaa?"

Kwa sababu bosi ana jina, na kesho utamkuta ofisini.

Chukua mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, anarudi Njiro. Mchana kasemwa mbele ya wenzake akanyamaza, na hajala tangu asubuhi. Barabara ya Sokoine haisogei. Anafika kwenye kipilefti, daladala inachomeka pua mbele yake, anafoka: "Mshamba wewe!" Hasira aliyoitoa ni kubwa kuliko kosa, maana nyingi aliibeba kutoka ofisini. Mwili ulikuwa bado haujatulia, na ubongo ukamkabidhi dereva deni lote.

Halafu kuna kioo. Humwoni uso, unaona bati, na bati ni rahisi kulitukana. Tena tukikosea sisi tunasema tumechelewa. Akikosea mwenzetu tunasema ndivyo alivyo.

Foleni ya miguu nayo haipishani sana na hii, na labda ndiyo maana Kiswahili kimezipa jina moja. Dirishani hospitalini hakuna kinachochoma kama yule anayepita kando akisema "nauliza tu," kisha anatoa kadi. Hapo kinachouma ni kuonewa kuliko kusubiri. Lakini angalia wale waliosalimiana walipofika. Ukishamwamkia mama "shikamoo", hata akikukera utasema "mama, samahani, mstari unaanzia kule", kwa sababu si mgeni tena kwako.

"Sasa nifanye nini pale pale, mikono iko kwenye usukani?"

Anza na macho: yaondoe kwa aliyekuudhi. Ukiendelea kumsaka katikati ya magari, hasira inapata kuni mpya. Legeza taya, shusha mabega, kisha vuta hewa puani ukihesabu hadi 4 na uitoe taratibu ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo mara 10. Ni kama dakika 2. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa kuwa ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi kwa haraka, wakaishia na kizunguzungu na ganzi midomoni, jambo baya kwa anayeendesha.

Kosa jingine ni kumgeukia abiria: "Umemwona yule?" Ukilisimulia, umelipepea tena. Hata mbio za jioni, ambazo zina faida nyingine nyingi, hazishushi hasira kama kutuliza pumzi.

"Ni wakati gani niende hospitali?"

Ukishuka garini kumfuata mtu, ukimalizia hasira za barabarani kwa watoto nyumbani, au ukifoka karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Mara nyingi nyuma yake kuna kukosa usingizi, pombe au sonona, ambayo kwa wanaume wengi hujitokeza kama ukali badala ya machozi. Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi, ulizia kliniki ya afya ya akili, na mweleze daktari ni mara ngapi kwa wiki na ulikuwa umelala saa ngapi.

Ila kifua kikibana baada ya kufoka, au maumivu yakienda mkononi au tayani, usisubiri kliniki wala usiendeshe mwenyewe. Ndani ya saa 2 baada ya mlipuko wa hasira, uwezekano wa mshtuko wa moyo hupanda, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Paki gari, mwombe mtu akupeleke mapokezi ya dharura.