Always inakaa wapi? Geuza sentensi iwe swali kwanza

Mi kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza cha watu, barua za maombi ya kazi, ripoti, proposali na vitu kama hivyo, na kuna kosa moja nakutana nalo hata kwa watu ambao Kiingereza chao kiko vizuri kabisa. Sio spelingi, sio wakati uliopita. Ni mtu kuandika "I prepare always the reports". Kila neno hapo ni sahihi likiwa peke yake, ila always imekaa pasipo pake na msomaji Mwingereza anaisikia papo hapo.

Sisi tunaingia kwenye huu mtego kwa sababu Kiswahili kinatuachia uhuru mkubwa sana wa kupanga maneno. Unaweza kusema "Asha amekinunua kitabu", ukasema "kitabu amekinunua Asha", ukasema "amekinunua kitabu, Asha", na hakuna atakayechanganyikiwa nani kanunua nini, maana ndani ya kitenzi mna a- ya Asha na ki- ya kitabu. Kiingereza hakina hiyo kitu. Zamani sana nomino zao zilikuwa na viishio vya kuonyesha nani katenda na nani katendwa, afu vile viishio vikafa karibu vyote, kwa hiyo kazi ikabaki kwa nafasi ya neno. "The dog bit the man" ukigeuza ikawa "The man bit the dog" basi aliyeng'atwa sasa ni mbwa. Ndo maana mpangilio wao ni mgumu hivyo: mtenda, kitenzi, kisha yambwa, na yambwa inapenda kumgandia kitenzi wake bila mtu kupita katikati. "She speaks English very well" ni sawa, "She speaks very well English" hapana, ingawa sisi "anaongea vizuri sana Kiingereza" haitusumbui hata kidogo. Na wasomaji wangu wa Goma, Bukavu na Bujumbura mna mzigo mara mbili, kwa sababu Kifaransa nacho kinasema "Je bois toujours du café", yaani toujours inakaa palepale kati ya kitenzi na yambwa ambapo Kiingereza kinakataa.

Sasa always, often, usually, never, sometimes zikae wapi? Shuleni tulikaririshwa sheria tatu: kabla ya kitenzi kikuu, baada ya "to be", na kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Sio uongo, ila ukiwa unaandika haraka nani anakumbuka ipi ni ipi. Mi natumia jaribio moja tu. Chukua sentensi yako igeuze iwe swali, uangalie neno gani limeruka mbele ya mtenda. Kielezi chako kinakaa mara tu baada ya hilo neno likisharudi mahali pake.

Tuone. "She is late" swali lake ni "Is she late?", kilichoruka ni is, kwa hiyo "She is always late". "She has been late", swali "Has she been late?", kilichoruka ni has peke yake, been imebaki nyuma, basi ni "She has always been late" na sio "She has been always late". "She drinks tea" je? Swali ni "Does she drink tea?". Hapa kilichokuja mbele ni does, ambayo kwenye sentensi ya kawaida haionekani kabisa, ila nafasi yake ipo kati ya she na drinks, kwa hiyo kielezi kinaangukia hapohapo: "She always drinks tea". Na ukitazama vizuri utaona always yenyewe haijahama hata mara moja. "Does she always drink tea?", "She doesn't always drink tea", "She always drinks tea", iko palepale, kinachokuja na kuondoka ni does.

Hili jaribio linakusaidia sana kwenye have, ambayo inawasumbua watu kweli. Kuna mtu anaandika "We have always meetings on Monday" kwa sababu anakumbuka "We have always worked hard" na have ni ileile machoni. Geuza: "Have we worked hard?" lakini "Do we have meetings?". Ya kwanza have imeruka, ya pili imekuja do. Basi ya pili ni "We always have meetings on Monday". Hivyo hivyo na have to: "Do you have to wait?", kwa hiyo "You always have to wait".

Nichukue aya kama zile ninazoletewa, ya mtu wa stoo anaomba kazi:

"I prepare always the monthly reports. I every week check carefully the stock. I have worked often with customers. I am never late."

Ya kwanza tumeshaimaliza, "I always prepare". Ya pili ina makosa mawili. Every week ni fungu la maneno linalotaja muda kamili, na mafungu ya namna hiyo (twice a month, every day) hayakai katikati, yanakwenda mwisho au mwanzo wa sentensi. Carefully imetenganisha check na stock. Inakuwa "I check the stock carefully every week", kwanza namna, kisha muda, na kama kungekuwa na mahali pangekaa kati yao. Ya tatu walimu wengi wangepiga mstari mwekundu, mimi sipigi. With customers sio yambwa, ina kihusishi chake, kwa hiyo often haijamtenganisha kitenzi na yambwa yoyote. "I have often worked with customers" ndo ya kawaida zaidi na ningemshauri aandike hivyo, ila ya kwake sio kosa. Ya nne iko safi.

Kuhusu kuanza na kielezi, sometimes na usually unaweza kuziweka mbele bila shida: "Usually I walk". Always hapana, labda ukiwa unaamrisha kama kwenye tangazo, "Always wash your hands". Never ukiiweka mbele inalazimisha mpangilio wa swali, "Never have I seen such rain", na hiyo lugha ni nzito mno kwa imeli ya ofisini, achana nayo. Sometimes nayo ina tabia yake kwenye ukanushi, inatangulia: "I sometimes don't understand him", wakati always inafuata, "I don't always understand him". Ukisema "I always don't understand him" itasikika vibaya.

Sehemu moja ambapo jaribio langu linakwama ni majibu mafupi. Mtu anauliza "Is he late again?" na wewe unajibu "He always is", sio "He is always". Sababu ni kwamba maneno yaliyobaki yamekatwa, is imebaki ya mwisho na lazima itamkwe kwa mkazo, huwezi kuifupisha ikawa he's, kama ambavyo huwezi kujibu "Yes, he's" ukanyamaza. Ikibeba mkazo namna hiyo, kielezi kinarudi nyuma kinakaa kabla yake. Ndo maana pia unaweza kusikia "But I always am on time!" kwa mtu anayebisha kwa hasira, na hapo hajakosea, anasisitiza tu. Kwenye barua ya kazi ambapo hakuna aliyekubishia, andika "I am always on time".