Ukurasa mmoja haupatikani kwa kupunguza herufi

Juma lililopita nilipokea tena wasifu wa mhitimu aliyeniandikia kwa furaha kwamba sasa "umeingia ukurasa mmoja". Ulikuwa umeingia kweli, kwa sababu herufi zilikuwa za ukubwa wa 7, pambizo zilikuwa zimesukumwa hadi nusu sentimita, na kila kitu kilichokuwa katika kurasa nne za awali kilikuwamo bado, kuanzia jina la shule ya msingi hadi dini na hali ya ndoa. Nimechambua maombi ya kazi hapa Arusha kwa miaka mingi, na imani hii kwamba wasifu mfupi ni wasifu mrefu uliobanwa nimeikuta mara nyingi mno. Imeniudhi vya kutosha, kwa hiyo naieleza leo kwa kirefu.

Karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita mbili na nusu na herufi za ukubwa wa 11 hubeba takribani mistari 45, ukihesabu na nafasi zinazoachwa kati ya vichwa. Mistari hiyo ndiyo uliyo nayo, na swali la kwanza ni nani anastahili kupewa mingapi.

Nitatumia mfano wa binti mmoja wa Moshi, mwenye shahada ya uhasibu na GPA ya 3.1, aliyekuwa akiomba kazi ya mhasibu msaidizi katika kampuni ya utalii. Wasifu wake ulikuwa wa Kiingereza kama lilivyokuwa tangazo lenyewe, nami nautoa hapa kwa Kiswahili. Tulianza na tangazo wala si na wasifu. Nilimtaka apigie mstari kila kitenzi kilichoeleza kazi, tukapata vinne: kuandaa hati za malipo, kusuluhisha hesabu za benki kila mwezi, kufuatilia madeni ya wateja na kutunza risiti za EFD. Kisha tukahesabu mistari ya wasifu wake wa zamani. Wadhamini watatu, pamoja na vyeo vyao na masanduku yao ya posta, walikuwa wamechukua mistari 18. Taarifa binafsi zilichukua 11, na semina alizohudhuria chuoni zilichukua tisa. Mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika SACCOS moja ya wakulima yalikuwa na mstari mmoja tu: "Nilifanya fildi na nilijifunza mambo mengi kuhusu uhasibu."

Mstari huo ndio unaonikera kuliko yote, kwa kuwa mhitimu anayelia kwamba hana uzoefu amekalia wiki nane za uzoefu na kuzifukia kwa neno "nilijifunza". Mwajiri hatafuti aliyejifunza, kwani cheti kimeshamwambia hivyo; anatafuta kujua mikono yako ilishika nini. Nilimwomba alete daftari la fildi, lile ambalo msimamizi hulitia saini na ambalo wanafunzi wengi hulitupa mara tu chuo kinapotoa alama. Humo mlikuwa na kila kitu. Kila siku aliandika hati za malipo kati ya 15 na 20 na kuambatanisha stakabadhi zake. Katika wiki ya tano alipewa taarifa za benki za miezi mitatu ambayo usuluhishi wake ulikuwa haujafanyika, akaweka alama kila muamala uliolingana na daftari la fedha, na akabaini kwamba tofauti ya mwezi wa pili ilitokana na makato ya benki ambayo hayakuwahi kuingizwa.

Hapo likazuka jambo linalohitaji uangalifu mkubwa. Rasimu yake ya kwanza ilisema "Nilisimamia usuluhishi wa benki", na hilo halikuwa kweli. Rasimu ya pili, baada ya mimi kukataa ile ya kwanza, ilisema "Nilishiriki katika usuluhishi wa benki", ambalo ni kweli lakini halisemi chochote, kwani hata aliyeshika karatasi ameshiriki. Kipimo ninachotumia ni hiki: andika kitenzi ambacho msimamizi wako angekitumia iwapo angepigiwa simu bila kutarajia. Tulimaliza hivi: "Nililinganisha taarifa za benki za miezi mitatu na daftari la fedha, nikaorodhesha tofauti na vyanzo vyake kwa ajili ya mhasibu, aliyeidhinisha marekebisho." Sentensi hiyo ni ndefu, lakini inamwonyesha msomaji kazi yenyewe pamoja na mpaka wa mamlaka yake, na binti akiulizwa katika usaili atakuwa na la kueleza.

Kitenzi cha tatu cha tangazo, kufuatilia madeni, kilimkatisha tamaa kwa kuwa fildi haikukigusa. Nilimwuliza likizo alikuwa akifanya nini. Akasema alikuwa akimsaidia shangazi yake duka la mchele wa jumla katika soko la Mbuyuni.

"Lakini mama, lile ni duka la shangazi tu, siyo kazi."

"Daftari la wadaiwa alikuwa akiliandika nani, mwanangu?"

Alikuwa akiliandika yeye, kwa likizo tatu mfululizo, na kila Jumamosi aliwapigia simu wateja waliopitiliza tarehe. Duka hilo likapewa mistari minne, na semina zote tukazifuta isipokuwa ile moja ya matumizi ya Ekseli, nayo ikahamia kwenye ujuzi.

Mengine yalikwenda haraka. Dini, urefu, hali ya ndoa na shule ya msingi viliondoka. Wadhamini wakawa wawili, msimamizi wa fildi na mhadhiri, kila mmoja kwa mstari mmoja wenye cheo na simu, baada ya kuwaomba ruhusa. Tamko la mwisho la "nathibitisha kwamba yote ni kweli" nalo lilifutwa.

Kuna mambo mawili ambayo sijayapatia jibu la kuridhisha. La kwanza ni GPA. Alama ya 3.1 ni daraja la pili la chini, na nimeona waajiri wasioijali kabisa na wengine wanaoanza nayo. Tuliiacha kwa sababu nakala ya matokeo huambatanishwa hata hivyo, lakini sina hakika kwamba tulifanya sawa. La pili ni kidato cha nne na cha sita. Tulivipa mstari mmoja vyote viwili, ingawa mwenzangu mmoja ninayemheshimu angevifuta.

Jambo lisilo na shaka ni kwamba ukurasa huu usiutume kila mahali. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huomba maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na wadhamini watatu, kwa hiyo anayepeleka huko wasifu uliopunguzwa anakwenda kinyume na tangazo, ambalo ndilo tulilolifuata tangu mwanzo. Zile kurasa nne zihifadhi kama ghala, uzisahihishe, na kila tangazo jipya uchote humo kinachohusika.

Binti alipochapisha nakala yake kwenye steshenari karibu na stendi, ilibaki nafasi ya mistari minne chini ya wadhamini. Alinipigia simu kuniuliza aongeze nini hapo. Nilimwambia asiongeze kitu, kwa kuwa ninapokaa kwenye jopo la usaili, hapo ndipo ninapoandika maswali nitakayomwuliza mwombaji.