Mkopo hautangulii kodi

“Mkopo wangu unakatwa kwenye mshahara kabla sijaushika, mbona kodi haipungui?”

Kinachotangulia kodi ni mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, ambao ni asilimia 7 ya mshahara. Rejesho la mkopo ni deni lako binafsi, nalo linasubiri kodi itoke kwanza.

Tumchukue karani wa Wete anayelipwa shilingi 500,000. ZSSF inachukua 35,000, zinabaki 465,000. Tuseme 270,000 za mwanzo hazitozwi. 195,000 zilizozidi, kwa asilimia 8, zinatoa kodi ya 15,600. Ndipo rejesho la 50,000 linapokatwa, naye anapokea 399,400.

Mhasibu akitanguliza mkopo, kodi itasomeka 11,600. Hizo 4,000 zilizopungua atakuja kudaiwa mwajiri, kwa hiyo kagua slipu yako mapema.